Nikiolewa tena, watoto wanakwenda kwa dada yangu au kwa baba yao?

Swali: Asalaam aleikum wanajukwaa. Nimeachika, nina watoto wawili, wa kike miaka 9 na wa kiume miaka 4, tunaishi Unguja. Mama yangu na bibi yangu mzaa mama wote wameshatangulia. Nimeposwa na nimekubali. Mtalaka wangu anasema nikiolewa tu anachukua wanawe. Nimesoma mtandaoni kuwa haki ya kulea inahamia kwa dada wa mama, kwa hiyo nataka mdogo wangu aliyeko Wete awachukue. Ni sawa kisheria? Na ada ya skuli na madrasa nani analipa? Halafu mume huyu anafanya kazi Maskati, nikimfuata nitaweza kuwachukua watoto wakati wa likizo?

Jibu:

Waaleikumu salaam, hiyo ni faradhi. Adabu nyingine utanisamehe, kwa sababu nimesoma swali lako nimesimama na sufuria mkononi. Usifunge hiyo ndoa kwanza!

Orodha uliyoisoma si ya uongo. Ni ya madhehebu ya Mahanafi. Na wewe upo Unguja, mtalaka wako wa Unguja, na kadhi mtakayekwenda kwake atafungua vitabu vya Mashafii. Kwa Shafii, mama akiolewa, na mama yake hayupo, na bibi wa kukeni hayupo, anayefuata ni BABA. Si mdogo wako wa Wete. Mtalaka wako hakutishi, anakusomea sheria, na huenda hata mwenyewe hajui kama anaisoma.

Nayajua haya kwa sababu orodha hiyo hiyo niliikunja nikaitia kwenye mkoba nikaenda nayo mpaka mbele ya kadhi. Mama yangu alikuwa ameshafariki, bibi kabla yake. Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka 3. Kulikuwa na ustadhi mmoja kwenye kikundi chetu cha wasapu, bingwa wa kujirekodi sauti, kila swali analo jibu na kila jibu analo Kiarabu chake. Nikamuuliza kama unavyouliza wewe. Akaniambia niolewe kwa amani, haki inashuka kwa mama yangu, akiwa hayupo inashuka kwa dada yangu, na baba yuko mkiani kabisa mwa safu. Akanitolea na hadithi ya khala, yaani dada wa mama: "khala ni mahali pa mama." Nikalia kwa furaha, nikampelekea na vocha ya simu. Naam, nimelipia.

Basi nikampeleka mtoto kwa dada yangu na kitanda chake, nikaolewa. Baba yake hakupiga kelele hata kidogo, na hilo peke yake lingenitosha kujua kuwa kuna aliyemweleza mambo. Alifungua madai. Kadhi akaichukua karatasi yangu, akaisoma yote kwa utulivu, akaniuliza, "Bibi, nyinyi nyumbani ni Mahanafi?" Nikasema hapana. Akanirudishia. Mtoto akaenda kwa baba yake, yaani kwa mke wa baba yake, maana baba mwenyewe anashinda bandarini. Nilimwacha mume mmoja nikampata mwingine, na katikati hapo mtoto akapata mama ambaye si mimi.

Sasa sikiliza kwa nini orodha hazifanani, ili mtu asikuchanganye tena.

Madhehebu yote manne yanaanza pamoja: mama, halafu mama wa mama na walio juu yake kwa upande wa kike. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi ni mahali pa baba. Mahanafi wanamaliza wanawake kwanza: baada ya bibi mzaa mama anakuja bibi mzaa baba, dada za mtoto, khala zake, shangazi zake, ndipo baba na wanaume wengine wa ukoo. Wamaliki wanamleta khala mapema zaidi, mara tu baada ya bibi wa kukeni, halafu khala wa mama, halafu bibi mzaa baba, ndipo baba. Mashafii na Mahanbali wanasema hivi: mama na bibi wa kukeni wanatangulia kwa kuwa wana huruma ya kike pamoja na kuzaa, mtoto ametoka kwao. Khala anayo huruma lakini hakumzaa, ni jamaa wa pembeni. Baba amemzaa. Kwa hiyo ukishawamaliza mama na mama zake, baba anampita khala.

Na hapa ndipo wengi wanapotegwa, hata wanaosoma kitabu cha Shafii chenyewe. Kina safu mbili. Ya kwanza ni ya wanawake watupu wakigombea wao kwa wao, na humo utamwona khala baada ya dada za mtoto, na baba hatajwi kabisa kwa sababu si safu yake. Ya pili ni wanaume na wanawake wakikutana. Ukisoma ya kwanza ukafunga kitabu, utadhani baba hayumo. Yapo pia maoni ndani ya madhehebu kwamba khala anamtangulia baba, lakini Imamu Nawawi katika kitabu chake Minhaji ameyaleta kwa "imesemwa", na aliyekaa darasani anajua "imesemwa" ya Nawawi maana yake ni kauli dhaifu. Ustadhi wangu alikaa darasa gani, Mungu anajua. Labda alikaa karibu na dirisha.

Ile hadithi ya khala nayo ni sahihi, imo kwenye Bukhari, lakini itazame ilivyotokea. Ni kisa cha binti wa Hamza, baada ya Umra ya mwaka wa 7 wa Hijra. Waliogombea kumlea ni Ali, Zaid na Jaafar. Mtume (s.a.w.) akampa Jaafar kwa sababu khala wa mtoto, Asma binti Umais, alikuwa mkewe. Baba yuko wapi kwenye kisa hicho? Hamza aliuawa Uhud. Hakukuwa na baba wa kugombana na khala! Waliokuwapo ni binamu wawili na Zaid, aliyeungwa udugu na Hamza. Kumwondoa baba aliye hai, anayedai, kwa kisa ambacho baba yake ni marehemu, ndiyo elimu niliyoinunua kwa vocha.

Kinyume chake, kisa cha Umar ni cha bibi. Alimkuta mwanawe Asim akicheza msikitini Quba, akambeba juu ya mnyama wake, bibi mzaa mama akamfuata wakafikishana kwa Abu Bakr, na Abu Bakr akamwambia Umar amwachie mtoto. Umar hakujibu neno. Lakini yule alikuwa bibi. Wewe bibi huna, dada yangu, mimi sikuwa naye, na Umar wa leo atajibu maneno na atakuja na wakili.

Kwako, basi. Wa kiume wa miaka 4 hana njia, ukiolewa na mtu baki anakwenda kwa baba. Wa kike wa miaka 9 yuko tofauti kidogo. Ameshapata akili ya kupambanua, ambayo Mashafii wanaitazamia kwenye miaka 7 hivi, na mtoto wa namna hiyo huchaguzwa kati ya wazazi wake. Ukiolewa, wewe unatoka kwenye uchaguzi huo. Lakini kwa kauli sahihi zaidi anaweza kuchaguzwa kati ya baba na khala. Hapo ndipo mdogo wako wa Wete anapofaa, kwa huyo mkubwa tu. Umwambie kadhi mwenyewe, usingoje akuulize. Na ujiandae, maana unaweza kurudi nyumbani mtoto mmoja yuko Wete na mwenzake yuko kwa baba yao.

Zawadi ya pili ya ustadhi wangu ilikuwa hii: "Maadamu hujahamia kwa mume, haki yako ipo." Hiyo nayo ni ya wengine, Wamaliki ndio wanaongoja mume aingie kwa mkewe. Kwa Shafii ni akdi tu. Siku ile ile, biriani halijapoa.

Kwa hiyo ninachokuambia ni kimoja: kabla ya akdi, hesabu wanawake walio juu yako kwa upande wa mama walio hai na wanaoweza kulea. Akiwapo mmoja, mtoto ana pa kwenda kabla ya baba yake. Wasipokuwapo, usitafute khala, mtafute baba mtu. Ndiyo, huyo huyo. Baba akiridhia mtoto abaki kwako na mume mpya naye akaridhia, mtoto anabaki na kuolewa kwako hakudhuru. Ridhaa hiyo itolewe kwa kadhi, iandikwe, na mashahidi, na iwe KABLA ya akdi, kwa sababu baada ya akdi wewe ndiye unayeomba na yeye ndiye anayetoa. Mimi nilikwenda kuomba baada. Nilijaribu pia kusema hafai, halali nyumbani, anakunywa, nikaleta maneno ya majirani. Ufasiki unamwondoa baba kwenye ulezi, ni kweli, lakini hauthibitiki kwa maneno ya jirani aliyesikia kwa jirani, na nilichopata ni kuonekana mke mchungu.

Akikataa, usijidanganye kuwa utamlainisha baadaye. Chagua ukiwa macho. Ndoa mpya ikivunjika haki inamrudia mama kwa Mashafii, hata akiwa bado kwenye eda ya talaka rejea. Msiniulize nimeyajuaje hayo.

Halafu kuna kitu hukusema na kinaweza kugeuza hesabu yote. Huyo wa Maskati ni nani kwa watoto? Mume mpya akiwa ami yao, au mtoto wa ami yao, au mtoto wa kaka yao wa kwa baba, na akakubali kuwalea, haki yako haianguki, kwa sababu naye yumo kwenye ukoo wenye haki ya kulea. Ndiyo maana Asma hakuambiwa kuwa ameolewa, Jaafar alikuwa mtoto wa ami yake binti wa Hamza. Kama huyu ni mtu wa ukoo wa mtalaka wako, rudi uandike hapa leo leo, na mengi niliyosema juu uyafute.