Ugali sikuuacha, nilianza kuupima

Mwaka jana nilijaribu kukata ugali kabisa. Wiki ya kwanza kilo mbili zikashuka nikajiona mjanja, kumbe mengi yalikua maji tu, maana wanga unaohifadhiwa kwenye misuli unashikana na maji, ukiisha na maji yanatoka. Wiki ya tatu skwoti za kilo 80 nilizokua napiga mara nane zikawa zinanishinda kwenye ya tano, na tumbo lipo vilevile, kwa sababu jioni nilikua najipoza na mihogo ya kukaanga eti "chakula cha asili" 😂

Nikanunua mzani wa jikoni. Jambo nililojifunza ni kupima unga ukiwa mkavu, ugali ukishaiva kuupima hakusaidii sana, leo umesonga mgumu kesho laini, maji yanakudanganya. Kama mzani huna, hesabu kilo ya sembe unaimaliza kwa milo mingapi. Mimi naishi peke yangu na kilo ilikua inaisha kwa milo minne, yani gramu 250 kwa sahani, karibu kalori 900 kabla hata ya mboga!

Sasa hivi siku ya mazoezi mazito nasonga gramu 120 usiku nikitoka jimu, siku ya kupumzika 70, na pengo kwenye sahani najazia mchicha au kabichi, samaki au dagaa wanabaki palepale. Siku ya maharage napunguza unga kidogo maana nayo yana wanga wake.

Na ule ubishi wa wali na ugali kipi kinanenepesha, gramu 100 za mchele mkavu na 100 za sembe zote zinacheza kwenye kalori 360, tofauti ni kwamba wali ukishatiwa nazi au mafuta ya pilau hesabu inaruka, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120. Muhogo wa kuchemsha, kama gramu 230 ndo zinalingana na hizo 100 za unga, ila protini yake ni ndogo mno kwahiyo usiule na chai tu ukasema umekula, weka mayai au samaki. Viazi vitamu vya kuchemsha ndo vinanishibisha zaidi kwa kalori chache, siku ya kupumzika mara nyingi navila hivyo badala ya ugali.

Kiuno napima kwenye kitovu kila Jumamosi asubuhi kabla ya kula. Kisiposogea wiki tatu natoa gramu 20 za unga siku za kupumzika. Skwoti zikianza kushuka naongeza 30 siku za mazoezi, ila kwanza najiuliza kama nimelala vizuri, maana kuna wiki niliongeza unga bure kumbe shida ilikua mpira wa saa sita usiku.