Mpwa wangu yuko mochwari, polisi wanataka apasuliwe

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mpwa wangu wa Sahare amekutwa alfajiri amelala kando ya barabara, pikipiki yake haipo, na hana uhai. Yuko mochwari hapa Tanga. Polisi wanataka apasuliwe, wazee wanasema ni haramu, tuzike leo alasiri. Nishike lipi?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam. Mwenyezi Mungu amrehemu kijana wenu.

Wazee hawakukosea asili ya jambo. Mtume (s.a.w.) amesema, katika Hadithi ya Bibi Aisha, kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Lakini maulamaa wetu wa Kishafi walikwisharuhusu zamani kupasua tumbo la mama aliyekufa ikitarajiwa mtoto yu hai ndani, kwa kuwa haki ya aliye hai imetangulizwa. Kwa mwendo huohuo, baraza la fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu wa dunia, huko Makka lilipitisha mwaka 1987 kwamba maiti inaweza kupasuliwa pale kadhi au serikali inapohitaji kujua sababu ya kifo chenye shaka ya jinai.

Sasa mtazame kijana wenu. Pikipiki haipo. Huenda alianguka tu na mwizi akapita baadaye, huenda alipigwa. Mkimzika leo bila uchunguzi, damu yake inaweza kupotea, au akashikwa asiye na hatia. Basi ruhusuni, wala hamna dhambi. Ingekuwa mzee aliyeugua miezi na daktari wake anajua kilichomuua, ningekwambia kataa.

Ruhusa hii ina mpaka wa haja. Muulizeni daktari kama kumkagua kwa nje kunatosha. Kama hakutoshi, apasue panapohitajika tu, arudishe viungo vyote na ashone vizuri. Kipande kikibakizwa kwa vipimo, ombeni mrudishiwe mkizike. Kungoja hadi kesho kwa sababu hii hakuvunji amri ya kuharakisha jeneza.

Kinachowatisha waoshaji ni mshono. Utaukuta kutoka chini ya koo hadi chini ya kitovu, na pengine mwingine kichwani, toka sikio hadi sikio, umefichwa na nywele. Msiufumue. Msikamue tumbo kama mlivyozoea. Mimi nimeona uzi ukiachia kwa mkono mzito. Mwageni maji taratibu, kausheni, wekeni pamba juu ya mshono na mzungushe bandeji kabla ya sanda. Damu ikichuruzika baada ya josho, ondoeni hiyo najisi tu, josho halirudiwi. Mwili ukiwa umeharibika hata maji yataubomoa, atayamamiwe.

Mwambie na dada yako mapema kwamba kuna mshono, asije akaufunua mwenyewe wakati wa kumuaga.