Kwetu hakuna kipofu, mbona mimi?

*Daktari, shikamoo. Nina miaka 29, naendesha bodaboda Sakina, Arusha. Giza likiingia sioni mashimo, na mchana najigonga kwa vitu vya pembeni. Nimeambiwa nina retinaitisi pigmentosa na ni ya kurithi. Baba anakataa, ukoo wetu hauna kipofu. Mjomba tu, kaka yake mama, ndiye alipofuka. Mganga anasema nimefungwa macho. Nina binti, na mke wangu ni mjamzito. Watoto watapata? Vidonge vya vitamini A nilivyouziwa vitasaidia?*

Marahaba. Baba yako anasema kweli kuhusu ukoo wake. Anapokosea ni kudhani kwamba kinachorithiwa lazima kipitie kwake. Hilo nalisikia karibu kila wiki hapa Moshi, na likishasemwa, kinachofuata ni kumtafuta mchawi au kumlaumu mke.

Mjomba wako ndiye jibu. Urithi hubebwa kwenye vifurushi vya jeni viitwavyo kromosomu. Mwanamume ana kromosomu X moja tu, na hiyo aliipata kwa mama yake. Mwanamke anazo mbili, kwa hiyo moja ikiwa na hitilafu, ile nzima humsaidia. Anaweza kuishi hadi uzee akiona vizuri, au akipata shida kidogo tu usiku. Inavyoelekea bibi yako aliibeba hitilafu hiyo, akampa mjomba na pia mama yako, na mama akakupa wewe. Kipimo cha jeni ndicho huthibitisha, lakini picha ya mjomba na mpwa ni ya kawaida mno kwa aina hii.

Ikiwa ndivyo, mkeo akijifungua mtoto wa kiume hatapata ugonjwa huu kutoka kwako, maana yeye unampa kromosomu Y, si X. Binti yako ameshaibeba, hana namna ya kuikwepa, kwa sababu X yako ni hiyo hiyo moja. Ila kuibeba si kupofuka. Swali lake litakuja akizaa wavulana: kila mmoja atakuwa na nafasi nusu kwa nusu. Na kama una dada mwenye watoto wa kiume, waangalie sasa. Mtoto anayegoma kutoka uani jioni au anayekanyaga sufuria magharibi ikiingia si lazima awe mwoga.

Mjomba asingekuwepo ningekueleza njia nyingine. Kuna familia ambazo baba na mama wote wanaona vizuri lakini kila mmoja ana nakala moja ya jeni yenye hitilafu. Hapo kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne. Kwa hiyo “kwetu hakuna kipofu” haithibitishi kitu.

Sasa hivyo vidonge. Mtu aliyepungukiwa vitamini A naye haoni usiku, na akipewa hupona upesi. Wauzaji wanaijua habari hiyo na wanaiuza kwa watu kama wewe, ambao shida yao si upungufu: seli za kuonea gizani zinakufa zenyewe, kuanzia pembeni kuelekea katikati. Vitamini A ikizidi hukaa kwenye ini na kuliumiza. Na usithubutu kumpa mkeo mjamzito, kwa kuwa dozi kubwa huharibu mimba. Wengine huuza matone ya “kusafisha retina”. Retina iko nyuma ya jicho, huwezi kuisafisha kwa matone. Tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 ni ya jeni moja, RPE65, ambayo haimo kwenye kromosomu X, kwa hiyo ikiwa yako ni ya X haitakufaa.

Ukweli unaoniudhi kuliko yote ni huu: vijana huenda duka la miwani, wanasoma herufi hadi mstari wa mwisho, wanaambiwa macho mazima. Ubao wa herufi hupima katikati tu. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mtu ambaye uwanja wake wa kuona hauzidi digrii 10 kutoka katikati ni kipofu, hata akisoma gazeti. Mwombe mtu akae mbele yako umbali wa mkono. Funika jicho moja, tazama pua yake, naye alete kidole taratibu kutoka pembeni. Akikiona yeye mapema mno kabla yako, pikipiki iache leo, mchana na usiku. Mtoto anayekatiza barabara hutamwona hadi awe mbele ya tairi.

Usiache kliniki kwa sababu dawa ya kuponya haipo. Wagonjwa wa retinaitisi pigmentosa hupata mtoto wa jicho mapema, na wengine hujaa maji katikati ya retina. Yote mawili yana matibabu, na ukiyapata kwa wakati unaokoa kile kitundu cha kuonea ulichobakiwa nacho. Ukiona kusoma kumeanza kuwa na ukungu, njoo, usingoje tarehe.

Na yeyote anayekuahidi kupona bila kukuwekea dawa ya kutanua mboni na kutazama nyuma ya jicho, mganga au mwenye koti jeupe, usimpe hata shilingi mia.