Alama hasi kwenye siku za mvua: awali ya Bayes inabadili nini hasa

"Wakuu, nina misimu 10 ya mtama, Kongwa. Nimesanifisha mvua ya msimu na idadi ya siku za mvua. Zinaendana kwa 0.95. Miraba midogo inanipa mvua +2.1 na siku −0.9, gunia kwa ekari. Wastani ni gunia 4, kosa la modeli kama gunia 1. Nimeshauriwa nitumie Bayes niweke awali kwenye vizigeu. Huko si kupika majibu?"

Mkuu, swali lako ni la haki. Tuanze na hiyo −0.9, maana ukielewa imetoka wapi, suala la kupika au kutopika linajijibu lenyewe.

Mvua nyingi na siku nyingi za mvua kwako zinakuja pamoja karibu kila msimu. Kwa hiyo data inajua vizuri kitu kimoja: vyote viwili vikipanda kwa mchepuko sanifu mmoja, mavuno yanapanda kwa jumla ya vizigeu, yaani 2.1 − 0.9 = 1.2. Kosa sanifu la jumla hiyo ni 0.32 tu. Tofauti kati ya vizigeu hivyo, 3.0, ina kosa sanifu la 2.0. Kwa maneno mengine, data yako haijui kabisa sifa igawanywe vipi kati ya mvua na siku. Miraba midogo haina ruhusa ya kusema "sijui", lazima ichague nukta moja, nayo imechagua mgawanyo wa ajabu kwa sababu ya kelele za misimu miwili mitatu. Kizigeu cha siku za mvua kina kipindi cha imani cha 95% kutoka −3.3 hadi 1.5. Alama hasi hapo haina uzito wowote.

Sasa awali, yaani unachoamini kuhusu vizigeu kabla ya kuiangalia data. Kwa ukanda huu wenye msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, mkulima yeyote anajua kwamba mvua ileile ikimwagika kwa siku chache na kuacha pengo la wiki tatu Februari, mtama unaumia unapotoa masuke. Kwa hiyo si haki kuanza na wazo kwamba −3 na +0.5 zina nafasi sawa. Tuseme kila kizigeu kina awali ya kawaida yenye kitovu 0.5 na mchepuko 0.5. Hii haikatazi alama hasi, inaipa uwezekano wa 16%. Inachosema ni kwamba mchepuko mmoja wa mvua au wa siku, kingine kikiwa palepale, hauwezi kwa urahisi kuongeza gunia 2 kwenye shamba la wastani wa gunia 4.

Nguvu ya awali dhidi ya data inapimwa kwa namba moja: mraba wa kosa la modeli ukigawanywa kwa mraba wa mchepuko wa awali. Hapa ni 1 / 0.25 = 4. X ikiwa jedwali la mvua na siku zilizosanifishwa na y mavuno, namba hiyo inajumlishwa kwenye ulalo wa X'X, basi:

```python
import numpy as np
A = np.array([[10, 9.5], [9.5, 10]])   # X'X
c = np.array([12.45, 10.95])           # X'y
lam, m = 4, np.array([0.5, 0.5])
print(np.linalg.solve(A, c))
V = np.linalg.inv(A + lam*np.eye(2))
print(V @ (c + lam*m), np.sqrt(np.diag(V)))
```

Mstari wa kwanza unatoa 2.1 na −0.9 zako. Wa pili unatoa 0.75 na 0.42, kila kimoja kikiwa na mchepuko 0.36. (10 kwenye ulalo inatokana na kusanifisha kwa kugawa kwa n, kama numpy inavyofanya, ukitumia `scale()` ya R utapata 9.)

Angalia kwa makini nini kimesogea. Jumla ilikuwa 1.2, sasa ni 1.17. Haijaguswa karibu kabisa. Tofauti ilikuwa 3.0, sasa ni 0.33. Kwenye upande wa jumla, X'X ina nguvu 19.5, hivyo data inashika 19.5/23.5, yaani 83% ya jibu. Kwenye upande wa tofauti ina nguvu 0.5 tu, hivyo data inashika 0.5/4.5, kama 11%. Awali imeingia pale data iliponyamaza, na pale data ilipoongea imekaa pembeni. Binafsi naona hiki ndicho kitu muhimu kuliko vyote katika regresheni ya Bayes, na watu wengi wanakipita wakikimbilia programu.

Ubaya wa miraba midogo utauona ukitabiri. Chukua msimu wenye mvua juu mchepuko mmoja, siku chini mchepuko mmoja: mafuriko ya siku chache. Modeli yako ya sasa inatabiri 4 + 3 = gunia 7, yaani mavuno bora kabisa katika msimu ambao mkulima angetarajia hasara. Ya Bayes inatoa gunia 4.3.

Je, ni kupika? Jaribu kubadili awali uone. Weka kitovu 0 badala ya 0.5, mchepuko uleule: unapata 0.66 na 0.33, hali ni ileile. Weka kitovu 0 na mchepuko 10, ile wanayoiita awali "isiyo na upande": unarudi kwenye 2.07 na −0.87. Miraba midogo yenyewe ni Bayes yenye awali bapa. Gauss mwaka 1809 aliifikia kwa hoja hiyohiyo. Kwa hiyo hata sasa una awali, ila ni ile inayosema gunia 50 kwa mchepuko mmoja ni sawa na nusu gunia.

Ukienda kwenye `brms`, kifurushi cha R cha regresheni ya Bayes, mtego ni huu: usipoandika awali ya vizigeu, inatumia bapa, na utasubiri sampuli zimalizike upate majibu ya miraba midogo. Andika wazi:

```r
prior(normal(0.5, 0.5), class = "b")
```

Hakikisha umesanifisha kwanza. Awali hiyohiyo kwenye mvua ya milimita ingemaanisha nusu gunia kwa kila milimita, upuuzi mtupu. Kiwango cha msingi, zile gunia 4, kipe awali yake pana. Usikivute kuelekea sifuri. Na hesabu yangu imechukua kosa la gunia 1 kama linajulikana. Kwa misimu 10 halijulikani vizuri, kwa hiyo `brms` ikilikadiria nalo, vipindi vya imani vitapanuka kidogo.

Usichoweza kuandika kwenye ripoti ni kwamba data imegundua siku za mvua zina mchango wa 0.42. Uwezekano kwamba mchango huo ni chanya ni 87%, lakini wewe mwenyewe ulianza na 84%. Data imechangia karibu sifuri hapo. Jumla ya 1.17 ndiyo matokeo yako.

Kama mgawanyo wenyewe ndio unaoutaka, tafuta misimu ambapo vitu hivi viwili viliachana, hata kutoka Bahi au Mpwapwa kama udongo unafanana. Msimu mmoja tu wa aina ile ya mafuriko unapandisha nguvu ya upande wa tofauti kutoka 0.5 hadi karibu 2.5, na sehemu ya data kutoka 11% hadi kama 38%. Misimu mingine kumi ya kawaida haifiki hapo.