Kabla hujaandika dawa ya homa, fungua kitenge

Wadogo zangu watarajali, na ninyi manesi wapya wa kliniki ya mama na mtoto, jipu la titi halizuki usiku mmoja. Ukiona mama analetwa titi limejaa usaha, soma kadi yake kwanza. Mara nyingi utakuta alishapita mikononi mwetu, na tulikosea palepale tulipokosea kwa aliyemtangulia.

1. Mama anayenyonyesha akija na homa, kagua matiti yote mawili. Pima malaria, ndiyo, lakini majibu yakitoka hasi usimrudishe nyumbani na panadoli huku kitenge kimefungwa kifuani. Matiti kujaa maziwa siku ya 3 hadi ya 5 baada ya kujifungua huwa pande zote mbili, na homa kubwa haipo. Uvimbe wenye uambukizo hushika titi moja, mara nyingi wiki ya 2 au ya 3, na homa hupita 38.5. Utaona kipande kama robo ya chapati, ncha ikielekea kwenye chuchu. Kinakaa hivyo kwa sababu titi limegawanyika mafungu, na kila fungu lina mfereji wake unaoishia chuchuni. Fungu moja likikwama, ndilo linalowaka. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Angalia ngozi iliyokaza na kung'aa, kisha pitisha mgongo wa mkono wako: joto utalisikia.

2. Usimwambie aache kunyonyesha upande huo, isipokuwa mwenye VVU, ambaye nitamfikia namba 5. Hili ndilo linaloniuma, kwa hiyo nivumilieni. Mchukulie mama wa uzazi wa kwanza, mtoto ana wiki 3. Siku ya kwanza ana homa ya 39, anatetemeka, viungo vinauma. Malaria hasi, anapewa panadoli. Siku ya pili anarudi na kuonyesha titi mwenyewe. Chuchu ina mpasuko, kwa kuwa mtoto alikuwa anakamata ncha tu badala ya kujaza mdomo na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Anaambiwa, "Lipumzishe titi hilo, mama, mnyonyeshe upande mwingine," na anaandikiwa amoksisilini. Basi maziwa yanabaki ndani yametuama, na mdudu mkuu wa hapa, stafilokokasi aurea, kwa kawaida huivunja amoksisilini ikiwa peke yake. Siku ya tano homa inashuka, kila mtu anafurahi, na hakuna anayeligusa titi tena. Donge bado lipo, gumu, linauma. Siku ya tisa ngozi juu yake imekuwa nyembamba, inabonyea kama kiriba. Hapo dawa ya kumeza peke yake haitoshi tena.

Mama huyo alihitaji nini siku ile ya pili? Mtoto wake, akamatishwe vizuri, anyonye kila anapotaka. Maziwa ya titi hilo hayamdhuru mtoto aliyezaliwa kwa wakati na mwenye afya. Huenda akalikataa kwa kuwa maziwa huwa na chumvichumvi. Basi akamue kwa mkono, kiasi cha kupata nafuu tu. Akikamua kupita anachohitaji mtoto, titi litatengeneza zaidi. Na jamani, msiruhusu likandwe kwa nguvu kama unga: tishu iliyovimba inaumia na kuvimba zaidi. Kitambaa cha maji baridi na ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8 baada ya chakula, kama hana vidonda vya tumbo, vinasaidia kuliko huko kukanda.

3. Antibiotiki: kloksasilini miligramu 500 kila saa 6, siku 10. Anza mara moja akiwa hoi au chuchu ikiwa na mpasuko wenye uambukizo. Dalili zikiwa nyepesi, mpe saa 24 za kunyonyesha vizuri kwanza. Mwandikie tarehe ya kurudi baada ya siku 2, na akirudi, lishike titi, usiishie kwenye kipimajoto.

4. Donge likibaki, omba altrasaundi. Jipu dogo linanyonywa kwa ganzi na sindano nene ya geji 18, likirudiwa kila siku 2 au 3 hadi usaha ukome. Likiwa kubwa, au ngozi imekonda, linapasuliwa, mkato ukiwa mbali na weusi wa chuchu ili mtoto aendelee kukamata. Usaha upelekwe maabara kuoteshwa. Kisipoota kitu na kidonda hakifungi, fikiria kifua kikuu cha titi. Wekundu usioisha baada ya dawa kamili unahitaji kukatwa kipande kidogo cha nyama kipimwe, maana kuna saratani inayojifanya uvimbe huu.

5. Soma hali ya VVU kwenye kadi kabla hujasema neno. Mama mwenye maambukizi asinyonyeshe titi lenye uvimbe au jipu, kwa sababu virusi huongezeka kwenye maziwa hayo. Akamue upande huo ayamwage, mtoto anyonye titi lingine lililo zima, na dawa zake zisikatike hata siku moja. Titi likipona kabisa, mtoto anarudishwa.