Ubao wa "Hakuna Kazi" si wa kusoma, soma karatasi: majibu kwa wanaotafuta kazi Inda

Maswali yamekuwa mengi tangu niandike kuhusu kazi za viwandani hapa Inda, yaani Industrial Area ya Nairobi, na karibu yote yanarudi kwa geti, kwa hivyo leo tukae hapo getini tu.

"Kila geti imeandikwa HAKUNA KAZI na rangi nyekundu. Nimetembea Enterprise mpaka Lunga Lunga siku tatu. Kweli hakuna ama ni mimi?"

Ile ya rangi ilichorwa siku moja miaka imepita na kazi yake ni kupunguza watu wanaomsumbua soja, haikuambii chochote kuhusu leo. Kazi ikitokea hakuna mtu anafuta rangi, wanabandika tu karatasi, saa zingine imeandikwa na kalamu, na wakipata watu wanaing'oa, hata kama imekaa asubuhi moja pekee. Kwa hivyo macho yako yatafute karatasi: kwa dirisha la kibanda cha soja, kwa kale kamlango kadogo ka wafanyikazi upande wa ndani, ambako unaona tu kakifunguliwa, na kwa ubao wa kioo ulio karibu na pale wanapopiga saini ya kuingia.

Na zunguka nyuma. Viwanda vingi vya Inda vina geti mbili, moja ya wageni na magari ya ofisi kwa barabara kubwa, ingine ya malori na wafanyikazi kwa njia ya nyuma. Mimi nilisimama wiki mbili mbele ya geti moja hapo Inda (kiwanda sikitaji) na soja kila asubuhi ananiambia hakuna, kumbe kwa geti ya malori karatasi ya wapakiaji ilikuwa imebandikwa na watu wakachukuliwa nikiwa hapo hapo mbele. Huyo soja wa mbele hakunidanganya, hakuwa anajua. Iliniuma sana na ndiyo maana nairudia kila mara.

"Nimeona hii: 'Wanahitajika opereta wa mashine ya kupuliza chupa 4, wapakiaji 10. Waje Jumatano saa mbili na kitambulisho. Bila simu.' Mimi sijawahi gusa mashine. Niende?"

Enda dada, lakini kwanza jua ni Jumatano gani, maana haina tarehe. Angalia karatasi yenyewe. Kama wino umepauka na jua na selotepu imekuwa ya manjano na vumbi imeshika pembeni, hiyo ni ya zamani imesahaulika. Kama karatasi bado ni nyeupe na selotepu inang'aa, ni ya wiki hii. Ukikosa uhakika muulize soja, "hii ya chupa wameshachukua watu?" Usimuulize "kuna kazi?" juu hiyo swali ameshaijibu mara hamsini tangu asubuhi na jibu lake linatoka kabla hajafikiria. Swali la karatasi moja linamfanya akumbuke.

Sasa soma hizo namba. Mashine ya kupuliza chupa haipendi kuzimwa, plastiki inaganda ndani na kuipasha moto tena ni kupoteza saa nzima nzima, ndiyo maana inakimbia usiku na mchana. Kiwanda kikitafuta wapakiaji peke yao, mara nyingi ni oda kubwa imeingia, kazi ya wiki chache. Kikitafuta opereta na wapakiaji pamoja, kuna uwezekano mkubwa wanafungua shifti mpya au wameleta mashine ingine, na hiyo ni kazi ya kukaa. Wewe simama kwa laini ya wapakiaji, usijiite opereta, maana fomeni anaweza kukuuliza swali moja tu, mashine ikitoa chupa nyembamba upande mmoja unafanya nini, na hapo umeisha. Mpakiaji anasimama mita mbili kutoka kwa mashine siku nzima, na opereta wengi wamejifunzia hapo. Pia jitayarishe kuulizwa kama unaweza usiku, kwa hivyo panga mapema utatokaje nyumbani na nani atabaki na watoto.

"Bila simu" inamaanisha wanachagua kwa macho hapo getini. Ikiwa saa mbili, wewe fika saa kumi na mbili na nusu.

"Kuna tangazo kwa nguzo ya stima, kazi ya stoo, elfu thelathini, unatuma mia tano ya fomu kwa M-Pesa. Inaonekana ya kweli, ina mpaka jina la kiwanda."

Usitume. Kiwanda kinachochukua watu getini hakina haja ya mia tano yako, na kinabandika kwa ukuta wake, si kwa nguzo ya stima. Jina la kiwanda mtu yeyote anaweza kuandika. Tembea mpaka kwa hicho kiwanda ukaulize getini kuhusu hiyo kazi ya stoo, nauli ya kwenda na kurudi ni kidogo kuliko mia tano. Na kama pesa inaombwa na soja au fomeni ndani ya geti halisi, hiyo pia ni hongo hata kama karatasi ni ya kweli, na ukilipa leo mwezi ujao ataomba ingine ndiyo ubaki.

"Nikienda nibebe nini? Kila mtu ananiambia kitu tofauti."

Kitambulisho chenyewe na kopi tatu, PIN ya KRA, namba ya NSSF na ya SHA, kalamu. Cheti cha maadili mema cha polisi kinalipiwa 1,050 kwa eCitizen, usikitafute mpaka uone karatasi inakiitisha. Ukilenga viwanda vya chakula, tafuta kile cheti cha afya cha wanaoshika chakula mapema, kinafanywa upya kila miezi sita na bila hicho hawakuingizi hata kama wamekupenda. Kwa kila kopi ya kitambulisho andika tarehe na "ya kuomba kazi" katikati, ili isitumike kwingine.

"Karatasi ilisema kibarua ya wiki mbili. Sasa ni mwezi wa nne nalipwa kila jioni. Ni sawa?"

Si sawa, na pole ndugu. Kibarua kwa sheria ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na hajaajiriwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema ukifanya siku mfululizo zinazofika jumla ya mwezi mmoja au zaidi, unahesabiwa kama mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, na hawawezi kukuambia tu kesho usije. Shida inakuwa ushahidi, juu kibarua hana barua. Wengine wanapumzishwa siku chache kila mwezi ili hesabu ikatike, kwa hivyo andika kwa daftari kila siku uliyoingia na uliyotoka na ulilipwa ngapi, tunza meseji zote za M-Pesa, na kama ulipiga picha ya ile karatasi ya getini siku ya kwanza usiifute, ndiyo inaonyesha ulianza lini na kwa kazi gani. Beba hivyo vyote uende ofisi ya leba kabla hujafukuzwa, si baada.