Wichi hezeli na jeli ya mshubiri kwa bawasiri

"Nilipaka mshubiri mbichi kwenye bawasiri ya nje, jirani hapa Mbagala alisema hutuliza, lakini ikawaka moto. Niongeze pedi za wichi hezeli, ile dawa ya mmea ya kupaka?"

Pole sana, ndugu yangu. Usiongeze kitu leo. Osha kwa maji ya uvuguvugu na ukaushe taratibu bila kusugua. Jirani hakukosea sana, ila nadhani alisahau ule utomvu wa njano ulio chini ya ganda, ambao huwasha ngozi, na ndiyo maana jani lililokatwa husimamishwa uchuruzike kabla ya kukwangua ute angavu. Wichi hezeli hupunguza muwasho kwa muda tu, na pedi zenye spiriti huchoma ngozi iliyochubuka. Ngozi ikitulia, jaribu kwanza ute huo au wichi hezeli kidogo kwenye ngozi ya upande wa ndani wa mkono kwa siku moja. Wekundu ukienea au malengelenge yakitokea, huenda ni mzio, acha mara moja. Ukiona damu, muone daktari.